Fakitire iliyokwisha kuingizwa haifutwi

Jambo wandugu wa Lubumbashi. Wengi wameuliza kama fakitire inaweza kufutwa kwenye SAP. Ile iliyowekwa kando tu, bado haijaingia vitabuni, futeni. Iliyokwisha kuingia inageuzwa.

Tuseme fakitire ya tarehe 27 Machi, dola 2,000 na juu yake TVA ya 320, imeandikwa kwa mteja asiye wake, na Machi imeshafungwa. Fungua FB08, andika namba ya hati na mwaka, weka tarehe ya Aprili. Kwenye sababu, chagua ile iliyowekewa maandishi ya hasi. Hapo msisitize kwa fundi wenu, kwa sababu sheria ya uhasibu ya OHADA inataka kosa lirekebishwe kwa kuandikwa hasi, kisha hesabu sahihi iingizwe. Bila hasi, salio linakuwa sawa lakini jumla za mauzo upande wa debiti na krediti zinavimba bure.

Kama malipo yameshaunganishwa na fakitire hiyo, FB08 itakataa. Yatenganisheni kwanza kwa FBRA.

Hati ya zamani inabaki na namba yake. Namba ikikosekana katika mfuatano, mkaguzi atauliza mapato yaliyofichwa yako wapi, na hamtakuwa na karatasi ya kumwonyesha.