Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Istilahi za Wodi ya Wazazi

Ndugu wanachama wenzangu,

Nawasalimu nyote wakalimani wa chama chetu, wa hapa Lexington na mliohamia miji mingine ya Kentucky lakini mmebaki kwenye daftari letu. Mikutano minne ya kawaida ilifanyika kama katiba inavyotaka. Misiba miwili tuliichangia, wanachama wapya watano tuliwapokea, na semina ya maadili ya ukalimani iliendeshwa mwezi wa tatu. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni orodha ya istilahi za Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya wodi ya wazazi, na hasa uamuzi wa kikao cha mwezi wa nane wa kutumia "kufunga mirija ya uzazi" badala ya "kufunga kizazi", ambao umezungumzwa sana nje ya vikao.

Kwanza nikumbushe tulikotoka. Kuna mama aliyekwisha kupoteza mimba mbili, zote zikiwa zimeingia mwezi wa tano. Mimba ya tatu, madaktari wakampima kwa altrasaundi, wakaona mlango wa kizazi umefupika chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24. Kwa historia yake, hiyo ni dalili kwamba mlango unaweza kufunguka kabla ya wakati. Wakapendekeza uzi uzungushwe kwenye mlango huo, ukazwe, na utolewe kwenye wiki ya 36 au 37. Mkalimani aliyekuwa kwenye simu, ambaye si mwanachama wetu, akamwambia: "Wanataka kukufunga kizazi." Mama akakataa kutia saini, akalia, akasema hawezi kufungwa kizazi naye hajapata hata mtoto mmoja. Ilichukua karibu saa nzima, hadi mwenzetu mmoja alipofika wodini, ndipo ikaeleweka kwamba madaktari walikuwa wanahangaika kuiokoa mimba ile ile.

Mkalimani yule hakudanganya. Alisikia kitenzi cha kufunga, akasikia kizazi, akaviunganisha. Lakini sote tunajua kufunga kizazi ni nini kwa mama wa Kigoma, wa Uvira au wa Mombasa: ni kutozaa tena. Neno kizazi lenyewe limebeba mfuko wa mimba, uwezo wa kuzaa, na hata ukoo. Ndiyo maana nilisimama kwenye mkutano wa mwezi wa kwanza nikasema kila mmoja kutumia neno lake kumetosha. Wazo hilo nililileta mimi, na wanaosema lilitoka kwa wauguzi wasome kumbukumbu za mkutano.

Kamati ilikusanya dhana 140 kutoka kwenye fomu za ridhaa na karatasi za kuruhusiwa nyumbani. Tulikubaliana kwamba hakuna neno la Kiswahili litakaloandikwa kabla maana ya dhana haijaandikwa na kusomwa na mkunga. Hatua hiyo ilituchelewesha, lakini ndiyo iliyotuonyesha kwamba watu watatu walikuwa wakitumia neno "njia" kwa vitu viwili. Mmoja alimaanisha njia ya uzazi yenyewe. Wengine walimaanisha mlango wa kizazi, kama wakunga wa nyumbani wanavyosema "njia imefunguka sentimita 4". Kila dhana sasa ina neno moja la kutumiwa, safu ya maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyasema nasi tukapaswa kuyaelewa, na safu ya maneno ya kuepukwa pamoja na sababu. Dhana 96 zimekamilika.

Sasa nije kwenye uamuzi wenyewe. Kwa ule uzi, kamati ilipitisha "kushona mlango wa kizazi", na hapo hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye kile kinachoitwa na wengi kufunga kizazi. Wajumbe sita walitaka neno hilo libaki, kwa hoja nzito kwamba ndilo linalojulikana kliniki zote za nyumbani. Sita walitaka "kufunga mirija ya uzazi". Kura zililingana, nami nikapiga kura ya mwenyekiti kwa upande wa mirija. Katiba inaniruhusu, kifungu kipo.

Sikufanya hivyo kwa kupenda maneno ya vitabuni. Katika wodi hii mama mmoja anaweza kusikia habari za uzi na za mirija katika ujauzito mmoja: uzi mwanzoni, mirija mwishoni akiwa anapangiwa upasuaji. Tukiacha kitenzi "funga" kikutane na neno "kizazi" popote kwenye maneno ya kutumiwa na mkalimani, tumeacha mtego ule ule. Tena neno mirija linamwambia mama ni wapi patakapoguswa, kwamba mfuko wa uzazi hautolewi na hedhi yake itaendelea. Wapo waliokuwa wanadhani kufungwa kizazi ni kutolewa kizazi. Na kwa kuwa mirija pekee haitoshi, orodha inamtaka mkalimani aseme kwa ukamilifu mara ya kwanza: "kufunga mirija ya uzazi, maana yake hutazaa tena." Mama akisema mwenyewe "kufunga kizazi", tunamwelewa; neno hilo lipo safu ya pili. Halikufutwa, kama ilivyosambazwa kwenye kundi la simu.

Nimeambiwa pia kwamba nimewapendelea Watanzania wenzangu dhidi ya ndugu zetu wa Kongo. Hilo limeniumiza. Neno lao "sezariene", yaani kujifungua kwa upasuaji, limo kwenye safu ya pili kwa sababu mimi mwenyewe nililidai. Na "mlango wa kizazi" tuliuchagua dhidi ya "shingo ya kizazi" kwa sababu wakati wa uchungu mlango ndio unaofunguka hadi sentimita 10. Shingo haifunguki.

Hata hivyo nakiri upungufu. Tulipowaomba akina mama wanane watueleze kwa maneno yao walichoelewa, wote walijua kushona mlango wa kizazi ni kuzuia mimba isitoke. Lakini watatu walionyesha mahali pa nje kabisa, wakidhani mlango ni pale mtoto anapotokea. Neno peke yake halikutosha, kwa hiyo kadi ya dhana hiyo ina mchoro. Bila majaribio hayo tungechapisha tukiwa na uhakika wa bure.

Na majaribio hayo, ndugu zangu, yalifanywa na watu wanne. Kamati ina wajumbe kumi na wawili. Kikao cha kura ndicho pekee walichofika wote. Vikao vingine tisa tulikuwa watano, mara nyingine watatu, nami sikukosa hata kimoja. Waliopinga zaidi uamuzi wa mwezi wa nane hawakuwa pale tulipokuwa tunaandika maana, Jumamosi asubuhi, mstari kwa mstari.

Fedha: wanachama 58, ada dola 40 kwa mwaka, waliolipa 23. Tumekusanya dola 920, tumetumia 870, nyingi zikiwa uchapaji wa kadi na ukumbi. Deni la mchoraji, dola 150, nimelilipa kutoka mfukoni na sijarudishiwa.

Mwaka ujao tunatarajia kumaliza dhana 44 zilizobaki, na Mungu akitujalia tuguse wodi ya watoto wachanga. Mwenye hoja kuhusu neno lolote ailete kwa maandishi, ikiwa na maana ya dhana na sentensi aliyoisikia wodini, kabla ya mkutano mkuu. Ada zipelekwe kwa mweka hazina.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti