Kurasa tatu tu, mbona bei hiyo?

Juzi mteja alitupigia simu akiwa amekasirika. Alituletea ilani ya faragha ya kurasa tatu tuisahihishe, akarudishiwa kurasa tatu, na kwa macho yake tulichofanya ni kugeuza "maelezo" kuwa "taarifa binafsi". "Hilo kompyuta inalifanya kwa dakika moja," akasema. Si wa kwanza kutuambia hivyo, kwa hiyo ngoja tueleze.

Ilani yake ilikiita kitu kimoja kwa majina manne: taarifa binafsi, data za mteja, maelezo yako, na mahali pengine kumbukumbu. Ukurasa wa kwanza ulisema, "Hatumpi mtu mwingine taarifa zako binafsi." Wa tatu ukasema, "Maelezo ya mteja yanaweza kupelekwa kwa wahusika." Sasa namba yangu ya simu ni taarifa binafsi au ni maelezo? Kama ni kitu kimoja, moja ya sentensi hizo ni uongo. Na hao wahusika ni akina nani? Katika mambo ya faragha, mhusika huweza kuwa mwenye taarifa mwenyewe.

Hapo kalamu inawekwa chini, anaulizwa mwenye kazi. Akajibu kwamba anayepewa ni msafirishaji, basi. Tukamwuliza tena, akamkumbuka fundi anayemtunzia tovuti, ambaye anaweza kufungua oda zote. Sentensi ikawa: "Tunampa msafirishaji jina lako, namba yako ya simu na anwani yako ili akuletee mzigo. Fundi wa tovuti yetu anaweza kuona oda yako anaporekebisha mfumo." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini kila kitendo sasa kina mtendaji. Ile "yanaweza kupelekwa" ilimficha.

Turudi kwenye dakika moja ya kompyuta. Mteja mwingine aliijaribu kabla ya kuja kwetu: akaamuru kila "taarifa" iwe "taarifa binafsi", na kila "maelezo" vilevile. Tulipokea "taarifa binafsi binafsi". Tulipokea "tutakupa taarifa binafsi siku saba kabla ya kubadilisha ilani hii", maana neno taarifa pale lilikuwa la kuarifu tu. "Maelezo yako yanahifadhiwa" ikawa "taarifa binafsi yako yanahifadhiwa". Na ukitafuta "taarifa binafsi" kwa mashine, "taarifa zako binafsi" haionekani, kwa sababu "zako" imekaa katikati. Kuyafukua hayo kulituchukua muda mrefu kuliko kusahihisha nakala ya awali, na ndiyo, tulitoza zaidi. Kila mara tunaomba nakala ambayo haijaguswa.

Kwa upande wa madhumuni, tunaisoma ilani huku fomu ya kujisajili ikiwa pembeni. Kwa kila kisanduku cha fomu tunaandika kinachoombwa na sababu iliyotajwa, kisha tunatafuta sababu hiyohiyo kwenye ilani. Kwa yule mteja aliyetupigia simu, fomu iliomba tarehe ya kuzaliwa "kuthibitisha umri". Ilani ilisema ni ya "kuboresha huduma", na aya nne mbele ikasema ni ya kutuma ofa za siku ya kuzaliwa. Hatukumchagulia. Alikiri kwamba ofa anazituma kweli, basi sababu zote mbili, umri na ofa, zikaandikwa waziwazi, na "kuboresha huduma" ikafutwa kwa kuwa hata yeye hakujua maana yake.

Mawasiliano ndiyo watu huyadharau, nasi huyajaribu moja moja: tunapiga namba, tunatuma barua pepe ya majaribio. Tunabonyeza pia, kwa sababu anwani inayoonekana huweza kutofautiana na iliyo chini yake. Tulikuta kitu cha namna hii:

```html
<a href="mailto:info@example.com">faragha@example.com</a>
```

Msomaji anadhani anaandikia faragha, kumbe ombi lake la kufutiwa taarifa linaangukia info, kikasha cha matangazo. Ya kurasa tatu zile ilikuwa mbaya zaidi: anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na barua yetu ikarudi.

Sisi si wanasheria. Hatuwezi kusema kama una haki ya kukusanya tarehe ya kuzaliwa. Hilo mpelekee wakili, na ni heri umpelekee baada yetu, asije akatumia saa zako kuuliza kama data na maelezo ni kitu kimoja. Kazi hii tunaisoma mara tatu, istilahi, madhumuni, mawasiliano, kila usomaji peke yake, kwa hiyo hatuitozi kwa idadi ya kurasa. Unapotuletea, ambatisha fomu zako zote na orodha ya kila anayefungua mfumo wako, na fundi wa tovuti akiwemo.