Biskuti 150, oveni moja ndogo: hesabu tunayopiga kabla ya kupokea oda yako

Mteja akipiga simu asubuhi akitaka biskuti 150 za karanga kwa sherehe ya kipaimara mchana huohuo, tunamwomba radhi. Unga upo na karanga zipo, ila oveni yetu inaoka trei moja tu kwa wakati mmoja. Moto unatoka chini, kwa hiyo tukipachika trei mbili, ya chini inaungua kitako na ya juu inabaki nyeupe.

Trei yetu ina sentimita 38 kwa 28. Kila donge tunalipima gramu 30, na likiiva linatanuka hadi kama sentimita 7. Tukiacha sentimita 2 ili zisigandane, kila biskuti inahitaji nafasi ya sentimita 9. Urefu unabeba 4, upana unabeba 3, basi trei ni biskuti 12. Ukigawa 150 kwa 12 unapata 12 na zinabaki 6. Hizo 6 nazo ni raundi nzima, maana oveni haipunguzi muda kwa sababu trei haijajaa. Jumla ni raundi 13. Trei ya mwisho tunaijaza, zinakuwa 156, na zile 6 za ziada zinafidia zitakazovunjika.

Kila raundi inakula dakika 14 za kuiva na kama 4 za kutoa, kuingiza na kusubiri joto lirudi baada ya mlango kufunguliwa. Dakika 18 mara 13 ni 234, yaani karibu saa 4, kabla hujahesabu kukanda, kupoza na kufungasha.

Trei je? Tunatumia 3, na hapa hatubanii. Biskuti ikitoka ni laini, inakaa juu ya trei dakika 5 ndipo ibebeke. Trei yenyewe inapoa kwa dakika 10, na kupanga madonge mapya ni 5 nyingine. Hizo ni 20, wakati oveni inadai trei kila baada ya 18. Kwa trei 2 utashawishika kupanga juu ya chuma cha moto, na hapo siagi inayeyuka kabla kingo hazijakaza. Utaziona biskuti zimetambaa na kushikana, pembeni kahawia, katikati mbichi. Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likikolea, hata donge linalosubiri zamu yake tunaliweka kwenye friji.

Kwa hiyo oda ya 150 tunaomba siku moja kabla. Ukitaka 300 ni raundi 25, saa 7 na nusu za oveni peke yake, basi tupe siku mbili. Unapopiga simu, tuambie idadi na saa unayozihitaji mkononi. Sisi tutahesabu kurudi nyuma kuanzia hapo.