Diskasheni ya kontroli Jumamosi

Mambo wana, Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana darasa la nyuma ya maktaba, kopi za pasti pepa nishatoa, kila mtu aje na buku.

Kabla ya kuja pigeni hili swali: G(s) = (s-3)/(s²+2s+5). Msidanganywe na s-3 ya juu, hiyo ni ziro tu, inafanya mfumo uanze kwenda upande wa kinyume basi, uthabiti unasomwa kwenye poli za chini, s = -1±2j, sehemu halisi ni hasi kwa hiyo iko stebo, itayumbayumba kidogo ndo itulie. Sasa chini ikiwa s²-2s+5 je? Jibu mje nalo.

Anayekuja aandike NIPO hapa kabla ya Ijumaa saa mbili usiku, tujue viti.