Nyumba imetitia: ripoti yetu inasema nini, na inaishia wapi

Wengi wanaotupigia simu hapa Mbeya kuhusu nyufa huwa tayari wana mtu wa kumlaumu. Wanachotaka ni karatasi yenye muhuri wa mhandisi iseme fundi ameharibu. Karatasi ya namna hiyo hatuiandiki. Tunaandika maoni ya kitaalamu juu ya chanzo cha ufa, na ili ujue unalipia nini, nieleze ripoti moja tuliyoifanya kwa mama mmoja mwenye nyumba kwenye mteremko, upande wa Uyole.

Nyumba ina urefu wa mita 14. Kiwanja kilisawazishwa kwa kuchimba upande wa juu na kumwaga udongo huo upande wa bonde. Nusu ya nyumba ikakaa kwenye ardhi ya asili, nusu kwenye kifusi. Ufa mkubwa ulianzia kwenye kona ya dirisha la sebule ukapanda kwa mshazari kufuata maungio ya tofali, kama ngazi. Chini ulikuwa na milimita 2, juu karibu na linta ukafika 7. Ufa unaopanuka kwenda juu namna hiyo huonyesha kwamba mwisho wa ukuta umeinama na kuachana na sehemu iliyosimama imara. Nyufa za plasta kukauka huwa nyembamba kama unywele na hutawanyika ovyo, bila mwelekeo.

Tulichukua mpira wa maji tukapima usawa wa kozi ileile, yaani safu moja ya tofali, kuzunguka nyumba nzima. Upande wa juu tofauti haikuzidi milimita 4. Kuanzia katikati kozi ikaanza kushuka, na kwenye kona ya bondeni ilikuwa chini kwa milimita 35 ndani ya mita 7, yaani 1 kwa 200. Kwa kawaida kuta huanza kupasuka mshuko wa namna hiyo ukifika 1 kwa 300, na kwenye 1 kwa 150 tunaanza kuhofia uimara wa jengo lenyewe. Hapa tulikuwa katikati.

Kisha tukachimba mashimo mawili kandokando ya msingi. La juu lilionyesha udongo mgumu wa asili. La bondeni ndilo lililotupa jibu: msingi ulikaa kwenye udongo mwepesi uliochanganyika na vipande vya tofali na mifuko ya plastiki, na mita 1.1 chini ya msingi tukakuta tabaka jeusi lenye mizizi ya nyasi. Hiyo ilikuwa ardhi ya zamani, iliyofunikwa bila hata kufyekwa. Nondo ya milimita 12 ilizama sentimita 40 kwa kusukuma kwa mikono tu. Udongo wetu wa majivu ya volkano na mawe mepesi, ukimwagwa bila kushindiliwa kwa matabaka, hubaki na uwazi mwingi. Ukilowa, chembe zake hupangika upya na kushuka.

Katika ripoti sehemu ya dhana hutangulia maoni. Tulichukulia kuwa msingi kwingine unafanana na tuliouona kwenye mashimo mawili, na kwamba nyufa zilijitokeza baada ya masika ya pili, kama mama alivyosema na picha za simu yake zilivyoonyesha. Tukaandika wazi kwamba ikithibitika ufa ulikuwepo kabla ya kuezeka, sehemu ya maoni yetu itabadilika.

Maoni yenyewe tuliyapa uzito tofauti. Kwamba nyumba imetitia kwa sababu ya kifusi kisichoshindiliwa, tuna uhakika mkubwa. Kwamba maji ya paa, yaliyomwagika kwenye kona hiyohiyo kwa kukosa gata, yaliharakisha, tunaona yaelekea sana kuwa kweli. Ni kiasi gani kililetwa na maji na kiasi gani na kifusi, hatuwezi kugawanya, na hatukujaribu.

Kuna maswali tuliyoyakataa kabisa. Nani alipe ni kazi ya wanasheria. Thamani ya nyumba ni ya mthamini. Kama mteremko wote unaweza kuporomoka, huo ni uwanja wa mjiolojia, tukamshauri mama amtafute. Ndugu yake alitaja tetemeko. Tulichoweza kusema ni kwamba upande wa juu hauna ufa hata mmoja na kushuka kote kunaanzia pale kifusi kinapoanzia. Kupima mitetemo yenyewe si fani yetu.

Ukiwa na ufa, usiuzibe kabla hatujafika. Chora kwa penseli mstari mfupi kwenye ncha ya ufa, andika tarehe, piga picha ukiwa umeweka rula. Rudia kila mwezi, kuanzia mvua za Novemba hadi zinapokatika Mei. Yule mama alifanya hivyo baada ya kuweka gata na kupeleka maji mbali na msingi, na ni vipimo vyake vya msimu mzima vitakavyoamua kama tutaimarisha msingi wa bondeni au tutaziba nyufa tu.