Muhuri wa kliniki ndio uliomtaja

Mhariri,

Nimekuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi hapa Mombasa miaka mingi. Siri za VVU nilizoona zikivuja kazini, nyingi hazikuanzia kinywani mwa mtu. Zilianzia kwenye karatasi.

Mpishi mmoja katika hoteli niliyokuwa nikifanya kazi aliugua siku nne. Aliporudi alileta cheti cha daktari, na chini ya saini palikuwa na muhuri wa kliniki ya ARV. Mkuu wa zamu akakipiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi akiuliza kama huyu bado afaa kushika chakula. (Virusi hivi haviambukizwi kwa chakula, lakini hakuna aliyelijibu hilo.) Kufikia magharibi hata walinzi wa getini walikuwa na habari.

Wasimamizi walipoulizwa, walisema mwajiri ana haki ya kujua. Kujua nini? Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka anayedai malipo ya siku za ugonjwa alete cheti kinachosema hawezi kufanya kazi. Hakimtaki ataje anaumwa nini. Mkuu wa zamu ahitaji kujua mtu atarudi lini. Mimi karani nahitaji tarehe na saini, basi.

Upande wa pili ipo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006. Kifungu cha 22 kinakataza kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake ya maandishi. Milango iliyoachwa wazi ni michache, miongoni mwake: wanaomtibu au kumpa nasaha, pale hali hiyo inapogusa matibabu yenyewe, na mahakama ikiwa jambo linahusu kesi moja kwa moja. Meneja hamo, na mwenye hoteli hamo. Nesi wa zahanati ya kampuni naye, ingawa mshahara wake watoka kwa mwajiri, aandike "apumzike siku tatu" aishie hapo.

Wapo wanaotaka kusema wenyewe, tuseme kwa kuomba waondolewe zamu ya usiku. Hao nawashauri waandike jina la anayeambiwa na sababu yake, kwani kumruhusu mmoja si kumruhusu amwambie wa pili. Barua kama hiyo isiingie kwenye faili la kawaida, ambalo kwetu hata wanafunzi wa mazoezi hulifungua wakitafuta siku za likizo. Bahasha iliyofungwa, kabati lenye kufuli.

Na kliniki nazo, kwa nini zisitumie muhuri wa hospitali nzima kwenye vyeti vya kazini?

Mpishi yule aliacha kazi mwezi uliofuata. Hakuna aliyemwambia kwamba sheria hiyohiyo ya 2006 imeunda baraza la kusikiliza malalamiko kama yake, lenye uwezo wa kuamuru alipwe fidia. Mimi nilikuwa nikijua, na nilinyamaza.

Karani, Mombasa