Shule inataka nisaini fomu kabla hawajaniambia mtoto aliumiaje

Habari zenu jamani, naombeni ushauri maana naona nazungushwa tu. Mwanangu yuko darasa la tatu, kavunjika mkono shuleni, mfupa wa juu ya kiwiko. Mwalimu wa darasa alinipigia akasema kaanguka uwanjani wakati wa mapumziko, nilipofika matroni akaniambia kaanguka kutoka kwenye dawati. Mapumziko yao ni saa nne, mimi nimepigiwa saa saba kasoro, hayo masaa katikati mtoto alikuwa wapi na nani? Mwenyewe ukimuuliza anasema "nilianguka" halafu anaangalia pembeni.

Kilichonitoa usingizi ni picha ya eksirei. Daktari kanionyesha ufa unaozunguka mfupa, akasema mara nyingi unatokea mkono ukisokotwa. Akanitahadharisha pia kwamba hiyo peke yake sio ushahidi kuwa kuna mtu alimkunja, hata mkono ukinasa mahali halafu mwili ukageuka huku unaanguka inawezekana. Kwa hiyo simtuhumu mtu, ila hiyo "kaanguka tu" yao hainitoshi.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu, sijaipeleka bado. Kipande chenyewe ni hiki:

"Naomba maelezo kamili kwa maandishi: aliumia saa ngapi na sehemu gani hasa, mwalimu gani alikuwa zamu na alikuwa amesimama wapi, nani alimfikia kwanza, alipewa huduma gani na kwa nini nilichelewa kupigiwa simu. Naomba pia nakala ya ukurasa wa siku hiyo kwenye kitabu cha ajali, na maelezo ya kila mtu mzima aliyekuwepo, ayaandike mwenyewe na kuweka tarehe. Majina ya watoto wengine mnaweza kuyafunika."

Hapo kwenye kila mtu aandike mwenyewe nimepakazania kwa sababu wakikaa ofisini wakaandika moja la pamoja, ule mkanganyiko wa uwanjani na dawati utafutika na sitaupata tena. Kitabu nacho nataka nione kama kilijazwa siku ile ile au juzi.

Sasa kuna hii fomu. Mhasibu anasema nikisaini ndio bima ya shule italipa hospitali, lakini ndani imeshaandikwa "ajali ya kawaida wakati wa michezo" na mzazi anakubali hana madai. Baba yake anasema saini tulipiwe, mambo ya barua baadaye. Mimi naona nikishasaini barua yangu itakuwa karatasi tu.

Waliowahi kupitia hili, inawezekana nikate hayo maneno kwa kalamu, niandike pembeni "maelezo ya tukio bado nayasubiri" ndio nisaini, au watakataa? Na kwenye barua niweke ile kauli ya daktari kuhusu mkono kusokotwa, au niinyamazie kwanza mpaka wao waseme ya kwao?